Namwandikia bibi barua kumuuliza habari za nahodha wetu. Nisahihishieni kabla haijapanda basi

Mwanakibirizi (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi.

Hapa mtaani kwetu Kigoma tunaandaa kijitabu cha kurasa 40 hivi kuhusu watu waliofanya jambo katika eneo letu. Sura ninayoiandika mimi inamhusu marehemu nahodha mmoja (jina naliweka kapuni, watoto wake hawajaniruhusu kulitaja mitandaoni) aliyevusha wakimbizi kutoka upande wa Burundi kwa mtumbwi, usiku, safari kadhaa. Kila mtu hapa anajua kisa chake, ila kila mtu ana mwaka wake. Bango tulilotengeneza la kuchangisha pesa limeandika 1965. Mwenyekiti anasema 1973. Kijana aliyepanga kurasa kwenye kompyuta kaandika 1993.

Aliyebaki hai anayejua ni bibi yangu mkubwa, dada yake bibi mzaa mama. Marehemu mume wake alikuwa anapiga kasia kwenye chombo cha huyo nahodha. Bibi amevuka miaka 80, anaishi Urambo na mjukuu wake aliyemaliza kidato cha nne. Simu haisikii vizuri, ukimpigia anaishia kusema "haya haya baba, nimesikia", kumbe hajasikia kitu. Kwa hiyo naandika barua. Rasimu yangu ilivyoanza:

*YAH: MAOMBI YA TAARIFA ZA SHUJAA WETU. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kamati ya kijitabu inakuomba ujibu maswali yafuatayo kwa ufasaha. 1: Shujaa wetu alizaliwa tarehe ngapi? 2: Ni mwaka gani alivusha wakimbizi? 3: Alivusha mara ngapi, tarehe zipi? 4: Je, ni kweli kwamba aliokoa watu zaidi ya 200 bila kuchukua hata senti moja?*

Inaendelea hivyo hadi swali la 27. Naombeni maoni, basi linaondoka Alhamisi.

Kijana wa Reli

Mkuu usisumbuke na barua. Cheti cha kuzaliwa cha marehemu kinatafutwa kwa wakala wa vizazi na vifo, nenda na kiapo cha mahakamani na barua ya mtendaji. Mimi cha mzee wangu nilikipata hivyo wakati wa kufuatilia mirathi.

Mwanakibirizi

Hapana mkuu, si mirathi. Ni kijitabu cha historia. Sitafuti cheti, natafuta ni lini mtu alivuka ziwa, na hilo halina cheti.

Pasua Kichwa

Mnahangaika bure. Wakimbizi wa Burundi walikuja 1993, baada ya Ndadaye kuuawa mwezi wa 10. Mimi nilikuwepo, nilikuwa darasa la tano, shule yetu ilifungwa wakalala madarasani. Andika 1993 ufunge uzi.

Karani Mstaafu

Mleta uzi, umefanya vizuri kuleta rasimu kabla ya kuituma, kwa sababu hiyo ikifika Urambo utarudishiwa majibu 27 ya neno mojamoja, na mengi yatakuwa ya kukuridhisha wewe. Nimefanya kazi ya kukusanya masimulizi ya wazee hapa Tabora miaka mingi, na hilo limenikuta zaidi ya mara moja.

Anza na swali lako la pili, "ni mwaka gani". Bibi yako hakuwa anaishi ndani ya namba za miaka. Alikuwa anaishi ndani ya mimba, mavuno, misiba, Maulidi na bei ya vitu. Ukimuuliza mwaka, hatakwambia "sijui", kwa sababu mjukuu wake amekaa pale na kalamu anangoja. Atatafuta namba. Na namba atakayoipata ni ile aliyoisikia mara ya mwisho, labda kutoka kwenye bango lenu hilo la 1965. Wewe utaipokea kama ushahidi, kumbe ni namba yako mwenyewe imepanda basi ikaenda Urambo na kurudi.

Muulize siku yenyewe ilivyokuwa. Mwaka utautafuta wewe.

Swali la nne ndilo baya kuliko yote. Umeshaandika jibu ndani yake: zaidi ya 200, bila senti. Mtu mzima mwenye adabu atakataaje? Na neno "shujaa" liondoe kwenye barua nzima. Ukimwita shujaa, bibi atakupa habari za shujaa. Mwite kwa jina alilokuwa anamwita yeye mwenyewe, shemeji au baba fulani.

Mwanakibirizi

Alikuwa anamwita Shemeji. Asante mkuu, nimeelewa, ila sasa mwaka nitautoaje? Mwisho wa yote kijitabu kinataka tarehe.

Karani Mstaafu

Kwanza mzuie Pasua Kichwa kwa jambo dogo. Huyo babu yako mpiga kasia alifariki lini?

Mwanakibirizi

Wakati wa vita vya Amin. Kaburi lake limeandikwa 1979.

Karani Mstaafu

Basi hakupiga kasia 1993. Pasua Kichwa hadanganyi, wakimbizi wa 1993 aliwaona kwa macho yake. Ila Burundi iliwahi kuwaka kabla ya hapo: Aprili 1972, kusini mwa nchi kandokando ya ziwa, halafu mauaji yakaendelea miezi kadhaa. Watu walikimbilia Kigoma kwa miguu na kwa mitumbwi, na baadaye wengi wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hiyo 1965 ya kwenye bango nadhani imetoka upande wa pili wa ziwa. Miaka ya 1964 na 1965 kulikuwa na vita Kongo, kule Fizi, na Kigoma ilikuwa njia ya watu na silaha. Mtu akisema tu "wakati watu wanakimbia kwa mitumbwi" anaweza kuwa anasema lolote kati ya hayo matatu.

Hata hivyo usimwandikie bibi haya. Hata neno 1972 lisiwemo kwenye barua. Kaa nalo mfukoni.

Mama Wawili

Karani umenikumbusha marehemu baba mkwe wangu, Tabora hapahapa. Vitambulisho vyake vyote vilikuwa na tarehe 1 Januari, ile wanayopewa wote wasioijua yao. Tukawa tunamfanyia keki kila mwaka mpya! Alipougua akamwambia mume wangu kwamba mama yake alimzaa akiwa mafichoni, siku Wabelgiji wanaingia Tabora. Mtoto wetu alipofika sekondari ndipo akatuambia Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Kwa hiyo mzee alikuwa mkubwa kuliko kitambulisho chake kwa miaka minne. Bahati mbaya alikuwa ameshatangulia.

Pasua Kichwa

Sawa nakubali, aliyefariki 1979 hawezi kupiga kasia 1993. Lakini mimi niliyoyaona niliyaona.

Dagaa Kavu

Niingie hapo kwenye usiku. Mimi ni mvuvi wa dagaa. Mleta uzi, muulize bibi kama karabai zilikuwa ziwani. Sisi dagaa tunawavua gizani, taa ndiyo inawavuta. Mbalamwezi ikiwa kali tunapumzika, watu wanashona nyavu. Mke wa mtu wa ziwa hawezi kusahau kama usiku ule wanaume walikuwa kazini au wamelala nyumbani, maana hela ya nyumbani inatoka hapo. Na mtu akitaka kupitisha mtumbwi wenye watu asionekane, atapita gizani, katikati ya vyombo vya wavuvi.

Karani Mstaafu

Dagaa Kavu, hilo ni la thamani kuliko yote niliyoandika mimi. Mwezi unahesabika kurudi nyuma. Tukishajua mwaka, tunajua usiku gani ulikuwa na giza.

Ila mleta uzi usiulize "karabai zilikuwa ziwani?" maana atasema ndiyo tu. Uliza ziwa na anga vilikuwaje. Kama karabai zilikuwepo, zitakuja zenyewe.

Mwanakibirizi

Nimeandika upya jana usiku. Maswali yamebaki matano. Naiweka yote:

*Kibirizi, Kigoma*

*Bibi yangu mpendwa, shikamoo.*

*Mimi ni mjukuu wako, yule aliyekuvunjia mtungi ulipokuja kututembelea, ukasema mtungi haulipwi kwa machozi. Sisi huku hatujambo, wasiwasi ni kwako na hilo goti lako. Mama anakusalimu sana, na mgebuka wakavu aliokuahidi nimewafunga pamoja na barua hii.*

*Ama baada ya salamu, bibi, hapa mtaani tunaandika kijitabu cha watu wa zamani ili watoto wasome. Mimi nimepewa kuandika habari za Shemeji na chombo chake, na wewe ndiye uliyebaki uliyekula naye sahani moja. Nakuomba unisimulie, na kijana aandike vilevile unavyosema, asitengeneze maneno. Huna haja ya kumaliza siku moja. Ukichoka, mfunge kalamu, kesho aendelee.*

*Siku ya kwanza babu aliporudi na watu kwenye chombo, wewe ulikuwa wapi, na ulikuwa unafanya nini? Anza popote unapopakumbuka.*

*Siku zile ziwa lilikuwaje, na anga lilikuwaje?*

*Watoto wako walikuwa wakubwa kiasi gani? Nani alikuwa mgongoni?*

*Watu walikuwa wanazungumza habari gani siku hizo, nyumbani, msikitini, kwenye redio?*

*Katika haya utakayosema, yapi uliyaona kwa macho yako, na yapi ulisimuliwa na babu au watu wengine?*

*Kama kuna jambo usilokumbuka, sema tu silikumbuki, hilo nalo linanisaidia. Na kama kuna jambo hutaki liandikwe kwenye kitabu, sema, nitaliacha. Karatasi na kalamu nimeweka ndani ya bahasha.*

*Ni mimi mjukuu wako.*

Karani Mstaafu

Hii ipeleke. Nina mawili tu. Iandike kwa mkono, herufi kubwa, uache nafasi baada ya kila swali. Kijana anayesoma kwa sauti asipotee mistari. Halafu mpigie huyo kijana umwambie peke yake: asimsaidie bibi kutafuta mwaka kwenye simu. Vijana wana huruma hiyo, anaona bibi anahangaika, anamtafutia. Barua inarudi na tarehe safi kabisa, na hakuna anayejua imetoka wapi.

Kijana wa Reli

Kwani asirekodi sauti tu kwenye simu amalize?

Karani Mstaafu

Akikubali bibi, arekodi pia. Lakini barua inabaki nyumbani. Bibi atalala nayo, ataamka nayo, siku ya tatu akiwa anachambua mchicha atakumbuka lililokataa siku ya kwanza. Hasara yake ni kwamba anaweza kwenda kumuuliza jirani, na jirani akampa kumbukumbu yake. Ndiyo maana ya lile swali la tano.

Mwanakibirizi

Imeondoka leo asubuhi. Kondakta kanidai elfu tatu kwa ajili ya harufu ya samaki.

*(Wiki tatu baadaye)*

Mwanakibirizi

Wakuu, majibu yamekuja. Kurasa sita, na kijana kaandika kweli kama bibi anavyoongea, mpaka "ngoja kwanza nikohoe" kaiandika. Naweka sehemu zinazohusu siku yenyewe:

*"Mimi nilikuwa jikoni nawasha moto wa alfajiri. Nikasikia babu yako anabisha dirishani, si mlangoni, nikajua kuna jambo. Nikafungua nikaona mwanamke mrefu ana kanga imelowa mpaka kifuani, na watoto wawili. Watoto nikawalaza jikoni, karibu na moto. Yule mkubwa alikuwa ameshika kijiko, sijui cha nini, hakukiachia mpaka kulipokucha. Wengine walikwenda kwa Shemeji, sikuwaona usiku ule, niliwaona mchana.*

*"Ilikuwa giza. Mbalamwezi ilikuwa imekwisha, watu wamerudi kazini, ukisimama ufukweni unaona karabai kama mji. Mvua zilikuwa zinakata. Mjomba wako ndiye alikuwa mgongoni, alikuwa anatambaa, hajasimama.*

*"Maulidi tulikuwa tumeshasoma, maana nakumbuka sufuria za watu za pilau nilikuwa nimesharudisha, imebaki moja ambayo mwenyewe alikuwa amesafiri, na humo ndimo nilimowapikia uji wale watoto. Hilo la Maulidi nakumbuka kwa sufuria. Na redio ya kwa mpemba ilikuwa bado na habari za Karume, wazee wanazungumza arobaini yake."*

Mjomba nimempigia. Kadi yake ya kliniki mama yake aliitunza. Kazaliwa Agosti 1971.

Karani, Dagaa Kavu, njooni hapa.

Dagaa Kavu

Karabai kama mji! Huyo bibi ni wa ziwani, hakuna ubishi.

Karani Mstaafu

Nimeisoma mara tatu. Hakutaja mwaka hata mmoja, na ametupa karibu wiki yenyewe. Twende taratibu.

Karume aliuawa Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972. Arobaini yake inaangukia tarehe 16 au 17 Mei. Kama wazee walikuwa bado wanaizungumza kama jambo linalokuja, tuko ndani ya siku hizo arobaini. Hapo 1965, 1973 na 1993 zote zimeondoka kwa mpigo mmoja.

Mtoto aliyezaliwa Agosti 1971 anakuwa na miezi minane au tisa. Anatambaa, hajasimama. Hii haitupi siku, lakini haipingani na ile ya Karume, na bibi hakuwa na sababu ya kuzipatanisha. Kwangu mimi ushahidi wenye nguvu ni huo: vitu viwili visivyojuana vinakubaliana.

Sasa Maulidi. Mwaka huo tarehe 12 ya Mfungo Sita iliangukia 26 Aprili, au 27 kwa mahali walipouona mwezi kwa kuchelewa. Miji yetu hii huendelea kusoma Maulidi siku kadhaa baada ya hapo, kila msikiti na siku yake, kwa hiyo simfungi bibi kwenye 26. Nasema tu ni baada ya hapo, na sufuria zimesharudi.

Na mwezi: ulikuwa mpevu tarehe 28 Aprili na ukafa tarehe 13 Mei. Mwisho wa Aprili, siku zilezile fujo zinaanza Burundi, ziwa lilikuwa jeupe usiku kucha. Giza analolisema bibi halikuwepo mpaka mwezi uanze kuchelewa kutoka, yaani kama kuanzia tarehe 6 au 7 Mei. Dagaa Kavu anisahihishe.

Dagaa Kavu

Sahihi. Baada ya mwezi mpevu tunapumzika kama wiki, halafu tunarudi. Siku za kwanza unavua jioni tu, mwezi ukitoka usiku wa manane unafunga kazi. Karabai kama mji mpaka alfajiri ni siku zile mwezi umekaribia kufa kabisa au umetoka kuandama. Mimi ningesema tarehe 9 hadi 16.

Mwanakibirizi

Kwa hiyo niandike tarehe 13 Mei 1972?

Karani Mstaafu

Hapana! Tarehe 13 ni ya mwezi, si ya nahodha. Andika "katikati ya Mei 1972", halafu sentensi moja chini yake: tumeipata kwa masimulizi ya bibi aliyewapokea, aliyekumbuka kwamba ilikuwa baada ya Maulidi, usiku wa giza, kabla ya arobaini ya Karume. Msomaji atajua mmeipataje, na mwenye ushahidi bora atawaletea. Mkiandika 13 Mei, mwakani mtaa mzima utakuwa unafanya kumbukumbu tarehe 13 Mei.

Tena hiyo ni ya safari ambayo bibi aliiona. Yeye anaiita ya kwanza kwa sababu ndiyo ya kwanza kugonga dirishani kwake.

Mkulima wa Ulyankulu

Wakuu nimekuwa nasoma kimya. Mama yangu alivuka ziwa 1972 akiwa msichana wa miaka kama 14, na tuko Ulyankulu mpaka leo. Nimemsomea huu uzi. Anasema yeye alivuka baada ya Saba Saba, upepo wa kusini umeshaanza, mawimbi makubwa, wakatapika njia nzima. Nahodha wao alikuwa mtu mfupi mwenye sauti nzito, na baba yake alilipa. Alitoa saa ya mkononi na kitenge kipya cha mama.

Sijui kama ndiye huyo wenu.

Pasua Kichwa

Hapo sasa. Shujaa gani anachukua saa ya mkimbizi?

Mama Wawili

Na wewe ungepakia watu bure kila usiku kwenye chombo cha kuazima? Wapiga kasia wangekula nini?

Mwanakibirizi

Wakuu, niseme ukweli, kuna ukurasa wa bibi sikuuweka. Mkulima umenilazimisha. Bibi anasema:

*"Shemeji alikuwa anapokea. Aliyekuwa nacho alitoa, asiye nacho alipanda. Babu yako alirudi siku moja na shuka jipya, nikalikataa wiki nzima kulitandika. Halafu nikalitandika. Na msiandike kuwa walikuwa 200, chombo kile hakikubeba watu 20 bila kuchota maji. Safari ngapi sijui, sikuhesabu, nilikuwa na mtoto."*

Nahodha wetu kwa urefu alikuwa wa kawaida, ila sauti nzito ndiyo, watoto wake wote wanayo. Nimepeleka ukurasa huo kwenye kamati. Mwenyekiti hataki uingie. Anasema watoto wa marehemu ndio wamechangia karatasi ya kuchapia.

Karani Mstaafu

Mkulima, mpe mama shikamoo zangu. Ushahidi wake na wa bibi haugombani. Bibi anasema Mei, giza, mvua zinakata. Mama anasema baada ya tarehe 7 Julai, upepo wa kusini. Mauaji yaliendelea hadi katikati ya mwaka, na watu waliendelea kuja. Zinaweza kuwa safari mbili za mtu mmoja au za watu wawili tofauti. Muulize jambo moja tu, na usimtajie chochote cha huyu nahodha wa Kibirizi: waliposhuka, walishukia wapi na waliona nini kwanza.

Mwanakibirizi, hilo la malipo si langu kuamua. Mimi ningeliandika kwa maneno ya bibi yaleyale, "aliyekuwa nacho alitoa, asiye nacho alipanda". Ila muulize bibi kwanza kama ameruhusu.

Kijana wa Reli

Mimi ningeliacha. Marehemu hawezi kujitetea.

Mwanakibirizi

Bibi hakukataza hilo. Alichokataza ni jina la babu kuandikwa kwenye habari ya shuka. Wanakamati wawili wako na mimi, watatu wako na mwenyekiti, mmoja anasema tusubiri watoto wa marehemu wasome wenyewe. Kikao ni Jumapili.

Mkulima wa Ulyankulu

Nimemuuliza mama. Anasema walishukia mchangani, hapakuwa na gati, palikuwa na mwembe mkubwa na mitumbwi iliyopinduliwa. Mwanamke mmoja akawapa uji kwenye sufuria kubwa mno, ya shughuli, uji uko chini kabisa mpaka watoto wanainama kuuchota.

Sikumwambia kitu kuhusu sufuria, ila nakumbuka nilimsomea uzi wote juzi, na barua ya bibi ikiwemo.

Karani Mstaafu

Basi hiyo sufuria hatuwezi kuitumia, kwa bahati mbaya. Huenda ni yake kweli, huenda ni ya bibi imemwingia. Mwembe tuubakize, bibi hakuutaja popote.

Mwanakibirizi

Barua ya pili nimeiandika leo, ni fupi. Nimemuuliza bibi mambo mawili: pale vyombo vilipokuwa vinavutwa nchi kavu palikuwaje siku hizo, na yule mwenye sufuria aliyesafiri, alirudi lini kuichukua. Mgebuka safari hii nimewafunga kwenye nailoni mbili. Basi ni kesho saa kumi na mbili asubuhi.